Thingiverse, Printables au MakerWorld: modeli ya bure uichukue wapi kama unataka kuprinti na pengine kuuza

Dada mmoja anayeuza vinyago na vikapu jirani na Ngome Kongwe hapa Bagamoyo alikuja kwangu na simu mkononi, akanionyesha picha ya jahazi dogo la plastiki lenye pete ya funguo. "Kaka, naomba uniprintie arobaini za hivi niwauzie wageni, nasikia modeli zenyewe zipo bure tu mtandaoni." Zipo bure kweli, sikubishana naye. Tatizo ni kwamba kuna bure ya kushusha, kuna bure ya kuuza, afu kuna faili ambalo hata ukipewa na pesa juu printa yako ya 3D haitolitoa, na mara nyingi havikai pamoja kwenye faili moja.

Kazi yake ilinifanya nipekue saiti tatu zile ambazo wengi wetu tunakwama katikati yake, Thingiverse, Printables na MakerWorld, na nilipata jahazi kila sehemu, kila moja na balaa lake. Sa watu huwa wananiuliza "ipi nzuri" na mi siwezi kujibu hivyo hivyo kabla sijajua unataka kufanya nini na hilo faili, kwa hiyo acha niziweke pamoja kwa vipimo vilevile uchague mwenyewe.

Ninachoangalia kabla ya kushusha

Cha kwanza ni ushahidi kwamba kuna mtu ameshaiprinti. Sisemi nyota wala idadi ya walioshusha, kushusha kunabonyezwa tu hata na mtu asiye na printa. Nasema picha za watu wengine, zilizopigwa mezani kwao, zenye mistari ya leya inayoonekana na filamenti ya rangi tofauti tofauti. Picha ya mwenye modeli ikiwa inang'aa sana, haina mstari hata mmoja na kivuli chake kimekaa kama tangazo, hiyo ni picha ya kompyuta, haijawahi kushika kitanda cha printa. Na komenti soma za chini kabisa, zile ndefu zenye malalamiko, maana mtu aliyeharibikiwa saa ya tatu ya kuprinti hasahau kuandika wapi palivunjika.

Cha pili leseni. Hapa ndo watu wengi wanaruka, na kama unaprinti kidude cha kwako cha kushikia brashi ya mswaki wala sikulaumu sana. Ila ukishaingiza mteja inabidi uzijue herufi. Modeli nyingi za bure ziko kwenye leseni za Creative Commons na zinaandikwa kwa herufi fupi: BY maana yake umtaje mwenye kazi, SA maana yake ukibadilisha na ukatoa basi utoe kwa leseni ileile, NC maana yake si kwa biashara, ND maana yake usitoe iliyobadilishwa. Zinaunganishwa, kwa hiyo CC BY-NC-SA ni umtaje, usifanyie biashara, na ukiibadilisha uitoe hivyohivyo. CC0 ni mwenyewe kaachia yote. Kwa dada wa funguo zinazofaa ni CC0, BY, na BY-SA. BY-ND inakuruhusu kuuza lakini kama ilivyo, na kwa kazi za funguo "kama ilivyo" haipo, lazima utoboe tundu, lazima upunguze.

Hiyo ND si ya kinadharia. Ile boti ya majaribio ambayo kila mwenye printa ameiprinti, 3DBenchy, ilitolewa mwaka 2015 na leseni yake ilikuwa BY-ND, na watu wakaibadilisha mamia ya mara, wakaipa magurudumu, wakaipa miguu, hakuna aliyejali. Mwanzoni mwa 2025 zile zilizobadilishwa zikaanza kuondolewa Printables, watu wakashtuka, na mwezi wa pili mwaka huohuo wenye haki nayo wakatangaza wameiachia kwa wote. Imeisha vizuri, ila kwa wiki kadhaa watu walijifunza kwamba leseni iliyolala miaka kumi bado ni leseni.

Halafu kuna ile inaitwa Standard Digital File License, utaikuta Printables na MakerWorld. Jina lake limepoa kama fomu ya benki lakini ndani ni kali: huruhusiwi kushea, kuuza wala kusambaza faili, na kitu kilichoprintiwa nacho kiko humohumo, huruhusiwi kutoza pesa kwa namna yoyote bila idhini. Mtu akiona neno "standard" anadhani ni ya kawaida, anapita. Usipite.

Na jambo moja ambalo herufi hazikuambii, aliyepakia faili anaweza kukupa kile alicho nacho tu. Ukikuta kidude cha nembo ya Simba au Yanga kimeandikwa CC BY, huyo aliyekichora hana nembo ya kukupa, kwa hiyo hiyo BY yake inahusu mchoro wake na haigusi nembo. Mi funguo za timu huwa naambiwa nitengeneze kila wiki na kila wiki nakataa.

Cha tatu ni faili lenyewe, na hili hulijui mpaka ulifungue kwenye slaisa, yaani programu inayoikata modeli kuwa leya nyembamba za kuprinti. Natumia PrusaSlicer na OrcaSlicer, zote za bure, na hata ukiwa huna printa karibu unaweza kufanya ukaguzi wote huu kwenye laptopu ukiwa umekaa kibarazani.

Ukaguzi wenyewe ukoje

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni dakika tano tu na zinaokoa usiku mzima.

Ukishafungua faili angalia kwanza ukubwa. Faili la STL, ile aina ya kawaida ya modeli, halibebi kipimo ndani yake, linabeba namba tupu, kwa hiyo aliyechora kwa inchi akaandika 2.2 slaisa yako inasoma milimita 2.2 na unaona kidoti kitandani kama punje ya mchele. Dawa ni kuzidisha kwa 25.4, na slaisa mara nyingi inakuuliza yenyewe kama ibadilishe. Faili la 3MF linabeba kipimo chake kwa hiyo shida hii hainaga, ndo maana zikiwepo zote mbili nachukua 3MF.

Pili, bonyeza slaisi halafu nenda kwenye mwonekano wa leya. Usiangalie ule mwonekano mzuri wa kwanza, ule unaonyesha umbo, huu wa leya unaonyesha printa itapita wapi. Shusha kidude cha pembeni mpaka leya ya kwanza kabisa. Unaona nini? Kama ni eneo pana lililojaa, vizuri, itashika kitanda. Kama ni vidoti vitano vilivyotawanyika, hiyo modeli imesimama kwa ncha na itang'oka. Sasa panda polepole leya moja moja na utafute visiwa, yaani kipande kinachotokea ghafla bila kitu chochote chini yake. Kisiwa kikitokea hewani printa haijui kama ni hewani, itamwaga tu, na asubuhi unakuta tambi. Kisiwa kinamaanisha uweke sapoti, yaani vijiti vya kukishikilia kutoka chini, au uigeuze modeli.

Mteremko nao una mpaka wake. Ukuta unaoinama mpaka nyuzi 45 hivi printa nyingi zinaumudu bila sapoti, ukizidi hapo upande wa chini unaanza kulegea. Si sheria ya msahafu, feni nzuri inakupeleka mbele kidogo, lakini ndo pa kuanzia.

Tatu, tafuta vilivyopotea. Rudi mwonekano wa modeli, tazama kamba, masikio, herufi ndogo, afu rudi mwonekano wa leya uone kama bado vipo. Nozo ya kawaida ni milimita 0.4, ukuta mwembamba kuliko hapo slaisa inaweza kuufuta kimyakimya bila kukuambia kitu, na ukuta wa 0.4 yenyewe ni mstari mmoja tu, unavunjika ukiupuliza. Mi nataka angalau mistari miwili, kama 0.8, na kwa kitu cha mfukoni 1.2 kwenda juu. Na hapa ndo kuna mtego wa kupunguza: ukipunguza modeli, kila kitu kinapungua, pamoja na unene. Utaona kwenye jahazi.

Nne, alama ya onyo la makosa ya faili. Modeli ikiwa na matundu kwenye ngozi yake au pande zilizogeuzwa ndani nje, slaisa inakuonyesha alama na nyingine inajaribu kurekebisha yenyewe. Ikirekebisha usiamini tu, rudi kwenye leya uangalie, maana nimeshaona inaziba dirisha la nyumba ikidhani ni tundu la bahati mbaya.

Thingiverse

Ushahidi: hii ndo kongwe, ipo toka 2008, na faida yake ni ghala. Kifundo cha redio ya zamani, mguu wa mashine fulani, kipuri cha feni ambacho hakiuzwi tena popote, vya hivyo huku ndo kuna uwezekano mkubwa wa kuvipata. Sehemu ya kuangalia inaitwa Makes, ambapo watu wanaweka picha za walichotoa. Modeli yenye Makes 30 na ya miaka kumi iliyopita ni modeli iliyokomaa. Ila kuna nyingi mno zenye sifuri, mtu alipakia mwaka 2013 akaondoka na hakurudi tena, ukimuuliza swali unajiuliza mwenyewe.

Leseni: iko wazi kwenye ukurasa na mara nyingi ni Creative Commons, ukishusha zipu mara nyingi unakuta na LICENSE.txt ndani, kitu ambacho mi nakipenda maana ushahidi unasafiri na faili. NC ni nyingi sana lakini.

Faili: STL tupu, bila maelezo ya sapoti wala ya leya, au maelezo ni sentensi moja. Zile za zamani ndo zenye matundu na inchi. Ukaguzi wote hapo juu unakuhusu, hakuna mtu aliyekufanyia.

Jahazi nililolipata huku lilikuwa BY, yaani ruksa kuuza kwa kumtaja. Nikafurahi. Nikafungua, likaja na urefu wa 2.2, nikajua inchi hizi, nikabadilisha likawa milimita 56 karibu kabisa na tulichotaka. Kwenye leya sasa: mlingoti unasimama wenyewe kama sindano na foromali, ule mti unaoshika tanga, inatokea hewani kisiwa kabisa, Makes sifuri. Na lingine, nilipomwonyesha dada kwenye skrini akacheka, "Kaka hili si jahazi, hili boti la Wazungu." Nikaangalia vizuri, kweli, tanga limefungwa wima kwenye mlingoti kama yachti, halina foromali ya kulala. Kile kisiwa nilichoita foromali kilikuwa sijui kitu gani. Hapa pwani mtoto wa darasa la pili anaona kosa hilo.

Printables

Ushahidi: hii ni ya Prusa, wale Wacheki wa printa, mwanzo iliitwa PrusaPrinters na ikabadilishwa jina 2022. Watu wanaweka picha za walichoprinti na komenti nyingi zina maelezo ya kutosha, mtu anakuambia alitumia filamenti gani, leya ya ngapi, wapi ilimsumbua. Kuna pointi wanapewa watu kwa kuweka picha hizo, kwa hiyo zingine ni za haraka haraka, lakini picha ni picha, unaikuza na unaona mistari.

Leseni: kwa mtu anayeanza kusoma leseni nadhani hapa ndo rahisi kuliko kote, kwa sababu chini ya jina la leseni wanakuwekea orodha ya alama za tiki na eksi, kubadilisha ruksa au hapana, biashara ruksa au hapana. Hata kama Kiingereza chako cha kuombea maji unaelewa. Ile Standard Digital File License ipo pia, kwa hiyo usije ukadhani kila kilichopo huku ni Creative Commons.

Faili: mara nyingi unakuta STL, 3MF na hata STEP, na STEP ni dhahabu kama unajua kuchora maana unabadilisha vipimo kama mwenye kazi. Ukikuta faili la G-code liache. Hilo limeshatengenezwa kwa printa ya mtu mwingine, kitanda chake, joto lake, na ukilirusha kwenye yako unaweza kugongesha nozo kitandani.

Jahazi la huku lilikuwa bapa, la kubandika ukutani, urefu milimita 150, unene 3, foromali imelala inavyotakiwa na tanga limejaa upepo wa kusi. Leseni BY-SA. Picha za watu wanne, moja imeprintiwa kwa filamenti ya rangi ya mbao na inapendeza haswa. Nikalipunguza kuwa 50 ili likae kwenye funguo, yaani theluthi, na hapo mtego ukafyatuka: kamba zilizokuwa na upana wa 1.2 zikawa 0.4, tundu la kutundikia la 4.5 likawa 1.5 ambalo hata pete haipiti, na unene wa 3 ukawa 1. Yaani faili zuri, lililothibitishwa na watu wanne, likawa baya kwa sababu yangu mimi. Ushahidi wa picha unahusu ukubwa uliopo kwenye picha, hauhusu ukubwa wako.

MakerWorld

Ushahidi: ya Bambu Lab, imekuja 2023, na ina kitu wengine hawana kwa kiwango hiki, profaili za kuprinti. Yaani hupewi umbo tu, unapewa na mpangilio mzima, gramu ngapi, saa ngapi, na watu wanaipigia kura ile profaili yenyewe pamoja na picha. Ni ushahidi mzito zaidi wa yote matatu, ila soma umetoka printa gani. Wengi wana printa za kampuni hiyohiyo, za kisasa, zenye feni kali, na mtu wa Entebbe au wa Magomeni hapa mwenye kimashine cha kawaida hatatoa lile daraja la kukatiza hewani bila sapoti. Na huku pia kuna pointi za kuwavutia watu, kwa hiyo vitu vya kufurahisha vinajaa kuliko vipuri.

Leseni: soma, tena soma mara mbili. Standard Digital File License ni nyingi. Baadhi ya wachoraji wanauza ruhusa ya biashara kwa malipo ya mwezi, ambayo ukiwa na oda za kudumu inaweza kukulipa, kwa oda moja ya arobaini haina maana.

Faili: 3MF yenye profaili, na mara nyingi STL pia ukitaka. Kama printa yako si ya kwao fungua 3MF kwa OrcaSlicer, badilisha printa iwe yako, afu slaisi upya. Mpangilio wa sapoti na jinsi modeli ilivyolazwa unabaki na hiyo peke yake ni nusu ya kazi.

Jahazi la huku, dah. Limetengenezwa kabisa kwa ajili ya funguo, milimita 48, tundu sawa, ukuta sawa, leya ya kwanza imejaa kitandani, hakuna kisiwa hata kimoja. Nikaprinti moja ya majaribio ikatoka kama imemiminwa. Na leseni yake haikuruhusu kuuza hata moja. Nikamwandikia mchoraji kumwomba, nikakaa siku nne sijapata jibu, na dada ana wageni wanakuja wikiendi. Ile moja ya majaribio ipo kwenye funguo zangu mpaka leo, kwa matumizi binafsi haina ubaya.

Tulichofanya mwisho

Tulirudi kwenye lile la Printables, kwa sababu BY-SA inaruhusu kuuza na inaruhusu kubadilisha, na kasoro zake zote zilikuwa za kurekebishika ndani ya slaisa bila hata kufungua programu ya kuchora. Nilifungua kile kikufuli cha vipimo, nikapunguza urefu na upana kuwa theluthi lakini kimo nikakiacha palepale, kwa hiyo unene ukabaki 3. Kamba za pembeni nikaziacha zife, hazionekani kwa ukubwa ule. Foromali nilihitaji ibaki, ndo inayolifanya jahazi kuwa jahazi, nikaongeza umbo la boksi jembamba la upana wa 1.4 nikalilaza juu yake. Tundu nikaliongeza kwa umbo la silinda la kutoboa, yaani ile kitu kwenye menyu inaitwa `Negative volume`, kipenyo 4. Kutoka tundu mpaka ukingo nikaacha milimita 2, maana ya kwanza niliyoacha 1 ilikatika nikiivuta kwa kidole tu.

Nikaprinti moja. Nikamkabidhi dada akaitia kwenye funguo zake akatembea nayo siku mbili. Ndo nikarusha zilizobaki, na kwa bechi ndogo ndogo za kumi, si zote kwa mpigo, maana umeme ukikatika nataka kupoteza kumi nisipoteze arobaini.

Kwa upande wa leseni, kila funguo ilikuwa na kikaratasi chake: jina la modeli, jina la mchoraji kama linavyoonekana pale kwenye saiti, anwani ya ukurasa, neno CC BY-SA, na maneno "imepunguzwa na kubadilishwa". Hilo la mwisho watu wanalisahau, ukibadilisha unatakiwa useme umebadilisha. Na faili langu jipya nikalipakia kwa leseni ileile. Skrinshoti ya ukurasa wa leseni yenye tarehe nimeihifadhi kwenye folda moja na faili. Leseni za Creative Commons haziwezi kunyang'anywa ukishapokea kazi kwa masharti yake, lakini mchoraji anaweza kubadilisha ukurasa kesho, na bila skrinshoti utathibitisha kwa nini?

Filamenti ilikuwa PLA na nilimwambia wazi asizianike kwenye dashibodi ya gari, ikifika nyuzi 60 hivi inalegea na tanga linapinda. Hilo si kosa la faili, lakini mteja atalilaumu faili.

Kwa hiyo wewe uende wapi

Kama una printa mpya na unataka kitu cha nyumbani kwako kitoke vizuri leo hii bila kuumiza kichwa, anza MakerWorld, chagua profaili iliyopimwa kwa printa inayofanana na yako, leseni haitakusumbua maana huuzi.

Kama unatafuta kipuri cha kitu kilichoacha kutengenezwa, anza Thingiverse na ujiandae na ukaguzi wote, halafu chukua kalipa upime kitu chako kabla hujaprinti. Kwa sehemu mbili zinazoingiliana acha nafasi ya 0.2 mpaka 0.3 kati yake, modeli za zamani wengi hawakuacha.

Kama unauza, hata kama ni vidude vitano kwenye maonyesho, anza na leseni kabla ya uzuri, na kwa kusoma leseni Printables inakurahisishia kuliko zingine. Usimwonyeshe mteja picha mpaka umeshaona ruhusa ya biashara, mi nilimwonyesha dada lile la MakerWorld kwanza na mpaka leo ananiambia "lile la kwanza lilikuwa zuri zaidi."

Kama mteja ndo amekuja na faili lake la NC na anataka umprintie kwa matumizi yake na akulipe kazi yako, hapo watu wanabishana. Maneno ya leseni yanazungumzia matumizi yanayolenga hasa faida ya kibiashara au malipo, na wewe unalipwa. Mi namwambia amwandikie mchoraji aombe, wengi wanakubali, na jibu anitumie kwenye simu niliweke kwenye folda.

Na kama bando lako ni dogo na modeli ni kubwa, soma komenti zote kwanza kwenye simu, zinakula kilobaiti chache, ndo ushushe.